Anayemkopesha Mfadhili

Kiswahili kinamwita anayekulipia masomo mfadhili, na neno hilo limeshaamua nusu ya ugomvi kabla hujashika kalamu. Ndani yake imo fadhila, yaani jema ulilotendewa na mtu ambaye hakulazimika kulitenda. Ukishaitwa mfadhiliwa umeshaonyeshwa mahali pa kukaa, na kazi ya aliyekaa hapo ni kushukuru. Sasa fedha za kujikimu zisipoingia mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mtu huyu wa kushukuru anaanza kutafuta namna ya kudai bila kuonekana anadai. Habari za punda na mateke yake anazijua tangu shule ya msingi.

Nasoma shahada ya uzamili hapa Mwanza na nimepanga chumba Igogo, mlimani. Mkataba wangu na mfuko unaonisomesha unataja Sh. 450,000 kila mwezi, ziingie kabla ya tarehe 5. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Desemba haikuingia hata senti moja. Mfuko sitautaja, na chuo pia, kwa sababu yaliyonipata mimi yamewapata wengi kwa majina mengine. Ninachotaka kukijua ni hiki: fedha iliyoahidiwa bure, na mtu ambaye hakuwa na deni lolote kwangu, ikichelewa ninaidai kwa haki gani? Swali hili lilinikalia kooni siku nne nzima, maana barua ilikuwa haiandikiki bila kulijibu.

Tulikuwa wafadhiliwa kumi na mmoja katika kundi letu la wasapu, tuliotawanyika vyuo mbalimbali, na tayari rasimu ilikuwa inazunguka. Kichwa chake kilisema YAH: OMBI LA KUSAIDIWA FEDHA ZA KUJIKIMU. Chini yake mwandishi anawatakia heri ya kazi, anatambua kwamba ofisi ina majukumu mengi, anashukuru kwa yote yaliyokwisha kufanyika, na kwa unyenyekevu mkubwa anaomba kufikiriwa pindi mfuko utakapojaliwa. Ni barua nzuri, yenye adabu, na kila mzee wa kwetu angeisifu. Lakini niliisoma mara tatu nikitafuta kiasi cha fedha, sikukiona. Miezi haikutajwa. Mkataba haukutajwa. Mtu asiyetujua angeikuta mezani angedhani kijana fulani aliyesikia sifa za mfuko ameandika kujaribu bahati yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba neno ombi halikuwa adabu tupu. Linabadilisha kilichotokea. Anayeomba hajaahidiwa kitu, na aliyeombwa akikataa au akichelewa hajavunja lolote. Wahenga hawakusema kwamba fadhila ni deni. Walisema ahadi ni deni, na wala hawakutofautisha ahadi ya tajiri na ya maskini, au ya kulipa mshahara na ya kutoa zawadi. Kabla ya mfuko kuniteua, ulikuwa huru kuniacha na kumchukua mwingine. Nisingekuwa na la kusema. Baada ya sahihi mbili kuwekwa, mambo yakabadilika, na yalibadilika kwa upande wangu zaidi kuliko upande wao. Niliacha kazi ya kufundisha ya mkataba niliyokuwa nayo. Tena kifungu kimoja cha mkataba wetu kinanikataza kuajiriwa kwa muda wote wa masomo, ili nisome kwa utulivu. Kifungu hicho ni cha busara. Ila maana yake ni kwamba mfuko umenifungia mlango mmoja kwa kuniahidi mwingine, kisha ule mwingine haukufunguka kwa miezi mitatu. Aliyemwambia mwenzake "usilime mwaka huu, nitakulisha mimi" hawezi kuja kuuita ugali anaoleta hisani.

Mwenzetu mmoja kundini alinijibu kwamba wapo maelfu wangeichukua nafasi yangu hata kwa nusu ya posho, na kwamba mwenye bahati halalamiki. Sehemu ya kwanza ni kweli kabisa. Lakini ukweli huo unahusu siku ya kuteuliwa. Hausemi chochote juu ya tarehe 5 Oktoba.

Linalonishangaza ni kwamba walioko kwenye mikopo ya serikali wana sauti kuliko sisi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inawakopesha wanafunzi wa shahada ya kwanza fedha za chakula na malazi, ambazo kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ni Sh. 10,000 kwa siku badala ya 8,500. Wenyewe wanaziita bumu. Bumu likichelewa, chuo kizima kinajua kufikia saa nne asubuhi. Serikali za wanafunzi zina hata mawaziri wa mikopo, na waziri asiyefuatilia hamalizi muhula salama. Wanadai kwa kifua kwa sababu wanajua watakuja kuzilipa, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi watakapoajiriwa. Kwa hiyo anayedaiwa ndiye anayepaza sauti, na aliyepewa bure ananong'ona. Sidhani kama hili ni la maumbile. Nadhani tumezoea kuamini kwamba kitu kinakuwa chako pale tu unapokinunua, na ahadi tunaisahau.

Kama yangekuwa ya watu wawili tu, mfuko na mimi, ningeweza kuyamaliza hapo. Lakini kuchelewa kwa fedha hakufuti matumizi. Mtu anaendelea kula, na kila anachokula mtu fulani amekilipia. Nilipoketi kuandika barua nikaona ni vema kwanza nijue ni nani huyo.

Igogo imepanda mlima wa mawe. Chini kuna barabara ya kwenda Mkuyuni na Nyegezi, reli, na bandari ya Mwanza Kusini. Kadiri unavyopanda katikati ya majabali ndivyo kodi inavyoshuka, kwa sababu maji na mkaa navyo vinapanda kwa miguu. Chumba changu ni Sh. 50,000 kwa mwezi na mama mwenye nyumba huchukua miezi sita kwa mkupuo. Alikubali nilipe mitatu, mitatu mingine aningojee. Hiyo ni 150,000 aliyonikopesha yeye, mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne. Dukani kwa Mangi, unga, mafuta, sabuni na vocha vilifika 118,500 kwenye daftari. Dada yangu aliyeko Sengerema alinitumia 200,000 kwa M-Pesa, fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mbegu na kibarua cha palizi. Na mwishowe kuna 200,000 ya kausha damu, riba asilimia 20 kwa mwezi, dhamana kompyuta yangu.

Hii ya kausha damu inahitaji maelezo, kwa kuwa ndipo kuchelewa kunapoanza kujizaa. Katikati ya Desemba nilitakiwa kukabidhi ripoti ya maendeleo ya robo mwaka, iliyosainiwa na msimamizi wa utafiti. Bila ripoti hiyo mfuko hauruhusu malipo ya robo inayofuata. Data zangu zote zimo ndani ya kompyuta ambayo wakati huo ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la mtu mwingine. Niliiandika ripoti kwenye steshenari, kwa saa, kutoka kwenye nakala nilizokuwa nimejitumia kwa barua pepe. Ilikuwa nyembamba na msimamizi aliniambia hivyo bila kuficha. Laiti asingeisaini, mfuko ungekuwa na sababu halali kabisa ya kutonilipa Januari, na sababu hiyo ingekuwa imetengenezwa na kutonilipa Oktoba.

Jumlisha: 150,000, 118,500, 200,000 na 200,000. Ni 668,500, mbali na riba ya 40,000 kwa kila mwezi. Mjane, muuza duka, mkulima wa Sengerema na mkopeshaji wa mtaani ndio walioshikilia mradi wa kusomesha vijana ambao kwenye taarifa ya mwaka utaandikwa kwa jina la mfuko. Watatu wa kwanza waliushikilia bila riba. Mfuko haujawahi kuwaomba, haujui kama wapo, na hautawashukuru. Nilipoliona hilo, aibu yangu ya kudai ilipungua sana. Nilikuwa nimejiona kama mtu anayetaka kumsumbua aliyenifadhili, kumbe katikati yetu walikuwepo watu waliokuwa wakimfadhili yeye.

Mwaka 1964, alipokuwa akiwasilisha bungeni mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao bado unatumiwa dhidi ya kila msomi anayefungua mdomo. Mtu aliyesomeshwa, alisema, ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Akila kisha asirudi na msaada, huyo ni msaliti. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi karibu 400 waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawarudisha makwao. Kwa hiyo mfano ule tumerithi pamoja na fimbo yake. Mimi bado naukubali. Ila tunapousimulia tunaruka sehemu ya chakula. Katika mfano, kijiji kinatoa kwanza, chote, halafu mtu anaondoka. Hakuna aliyeambiwa aanze safari na kwamba chakula kitamfikia njiani. Na kama kingekuwa cha kufikishwa njiani, wanaomlisha njiani wangekuwa watu wa vijiji vingine wasiomjua, ambao nao wana njaa yao. Wajibu wa msafiri kurudi haupungui. Unaongezeka idadi ya anaotakiwa kuwarudia, na kwangu mimi wa kwanza wao yuko dukani.

Likabaki swali la shida zenyewe. Je, ziandikwe? Kama fedha ni yangu kwa mkataba, njaa yangu haihusiki. Mwenye haki analipwa akiwa ameshiba au hajashiba. Nikieleza nilivyokula ugali kwa mapanki wiki mbili mfululizo narudi kulekule kwenye ombi, na zaidi ya hapo najenga mazoea ya kulipwa kwa kadiri ya ninavyosikitisha. Atakayeandika vizuri zaidi atalipwa mapema. Katika kundi letu mmoja alikuwa amekwishaanza kuuliza ni nani kati yetu ana mtoto, ili barua ya pamoja ianze na huyo.

Kuna mtu wa ng'ambo ya pili ya ziwa hili ambaye alipita njia hiyo kabla yetu. Barack Obama, baba, aliyetoka Nyanza, alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, wakati ule wa vijana wa Kenya kutafutiwa masomo Marekani. Baadhi ya barua zake za kutafuta fedha zimehifadhiwa katika kituo cha Schomburg kule Harlem, na gazeti la The New York Times liliziandika habari zake mwaka 2016. Anaeleza masomo yake, alama zake, gharama zake. Ambacho hakimo, hata kwenye fomu za kuombea ufadhili, ni mke aliyemwoa kule na mtoto wao, ambaye ulimwengu wote umekuja kumjua. Wengi walioisoma habari hiyo walimlaumu, na zipo sababu za kumlaumu. Mimi niliisoma kama mtu anayejua fomu. Anayetegemea kupendeza machoni pa mtoaji hujiandika upya: anakuwa mwepesi, hana wategemezi, hana jambo litakalomfanya aonekane mzigo. Kijana wa kundi letu anayetafuta mwenye mtoto wa kumtanguliza, na mtu yule aliyemficha wake, wanatumia kanuni moja. Wote wawili wanakisia ni maisha gani yatakayomfungua mtoaji mkono, kisha wanayaandika hayo.

Kwa hiyo niliamua hivi. Shida hazitakuwa sababu ya kulipwa. Sababu ni mkataba. Lakini zitaandikwa kama gharama, kwa tarakimu, na kwa kila moja nitasema nani aliyeibeba. Kati ya kusema "nina njaa" na kusema "muuza duka amebeba 118,500 zenu tangu Oktoba" kuna tofauti kubwa. La pili linaweza kukaguliwa, na halimtaki msomaji anionee huruma.

Kabla ya kuandika nilihitaji kujua fedha imekwama wapi, kwa kuwa barua kali iliyotumwa kwa mtu asiyehusika huharibu kila kitu. Kwetu mnyororo ni huu: msimamizi anasaini ripoti, ofisi ya masomo ya uzamili inathibitisha kwamba mwanafunzi yupo na anaendelea, chuo kinatuma orodha kwa mfuko, mfuko unaidhinisha na kuiagiza benki. Nilianza mwanzo. Ripoti ilisainiwa tarehe 26 Septemba. Masjala walinionyesha daftari la barua zinazotoka: orodha ilipelekwa tarehe 2 Oktoba na upande wa pili ukaweka sahihi ya kupokea. Benki walisema hakuna malipo yaliyokataliwa kwenye akaunti yangu. Basi imekwama kwa mfuko. Kazi hiyo ilichukua asubuhi mbili na nauli ya daladala, nami ningemshauri yeyote aifanye kabla ya kuandika hata salamu.

Kichwa cha barua kikawa YAH: FEDHA ZA KUJIKIMU ZA OKTOBA, NOVEMBA NA DESEMBA AMBAZO HAZIJALIPWA, SH. 1,350,000. Aya ya kwanza ilitaja namba ya mkataba, kifungu na tarehe. Ya pili ilitaja tarehe mbili nilizozipata chuoni. Ya tatu ilikuwa na zile tarakimu nne na waliozibeba, kwa kazi zao bila majina, pamoja na ile habari ya kompyuta na ripoti. Mwisho niliomba mambo matatu, na hapa nililitumia neno kuomba kwa makusudi, kwa sababu haya kweli hayakuwa kwenye mkataba: nijulishwe tarehe ya malipo, nipewe barua fupi ya kumwonyesha mama mwenye nyumba kwamba fedha zipo na zitakuja, na mfuko ufikirie kurejesha riba ya 80,000 iliyotokana na kuchelewa. Nilishukuru pia, mstari mmoja, kwa masomo. Shukrani ile ilikuwa ya kweli, na niliona inakaa vizuri zaidi ikiwa haijapewa kazi ya kulainisha deni.

Hilo la kujulishwa tarehe ndilo lililokuwa zito kwangu kuliko fedha yenyewe. Mfuko unaweza kweli kukosa fedha. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, watu waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo, wanafunzi wakiwemo, walijikuta hewani, na waliokuwa wakiwasimamia hawakuwa na cha kuwapa. Asiye nacho simlaumu kwa kutotoa. Lakini kusema "hatuna, tegemeeni Januari" hakugharimu chochote, na kungetosha mtu kujipanga: kuahirisha, kurudi kijijini kwa muda, kuomba ruhusa ya kufundisha jioni. Anayekaa kimya anamlazimisha mwenzake akope kwa matumaini ya wiki ijayo, na mkopo wa wiki ijayo ndio wenye riba ya asilimia 20. Nina hakika kama ningeambiwa ukweli tarehe 6 Oktoba, kompyuta isingeondoka chumbani.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa, ya heshima, yakisema kulikuwa na mabadiliko ya mfumo wa malipo. Siku iliyofuata iliingia 900,000, ya miezi miwili. Barua ya mama mwenye nyumba haikuandikwa, na kwa kuwa nilikuwa na fedha mkononi hakuihitaji tena. Kuhusu riba, walisema watalitazama suala hilo endapo nitawasilisha uthibitisho wa madeni.

Kausha damu hatoi stakabadhi, kwa hiyo upande huo sikuwa na la kuwasilisha. Nikafikiri walau ukurasa wa daftari la duka utaonyesha kwamba sikubuni. Nilipomlipa Mangi nikamwomba nipige picha ukurasa wangu. Akacheka. "Msomi, huo ukurasa si wako peke yako." Kweli, juu yangu alikuwepo dereva wa bajaji, chini yangu mama anayekaanga samaki barabarani, na pembeni, kwa wino mwekundu, mtu aliyehama bila kulipa tangu Agosti. Majina yao yote yamo, na walichokopa: nusu kilo ya sukari, pedi, panadoli. Hawa hawajawahi kusaini mkataba na mfuko wowote, na shida zao hazikuwa zangu za kuzipeleka Dar es Salaam kama kiambatanisho.

Mangi alilaza kiganja cha kushoto juu ya ukurasa na cha kulia chini, akaacha mistari yangu sita katikati, nami nikapiga. Picha ile ndiyo niliyoituma, vidole vyake vikionekana. Desemba hadi leo haijaingia, na mama mwenye nyumba ameshaanza kuuliza habari za miezi sita inayofuata.